Mzee hajaenda choo siku nne: maswali ambayo watu huniuliza kila wiki

Mimi ni nesi, kazi yangu ni kuzunguka kwa manyumba nikiangalia wazee, sanasana Eastlands. Kuna vidonda vya miguu, kuna presha, kuna sukari, lakini stori inayokuja baada ya chai, ile mtu anasema kwa sauti ya chini akiangalia mlango, ni ya choo. Nimeandika hapa majibu ya maswali ninayoulizwa sana. Ni kuhusu mzee aliyefunga choo kwa sababu hatembei, hanywi maji na anameza dawa nyingi, si ya mtoto wala mama mjamzito, hao wana mambo yao.

Ni siku ngapi bila choo ndio niseme kuna shida?

Si kila mtu lazima aende kila siku. Kuna mzee ameenda siku moja akiruka moja tangu ujana wake na yuko sawa kabisa. Shida ni ikiwa anaenda chini ya mara tatu kwa wiki, ama anaenda lakini anasukuma mpaka jasho linamtoka, choo inatoka vipande vigumu kama mavi ya mbuzi, ama akimaliza anahisi bado kuna kitu imebaki. Na angalia mabadiliko. Mtu alikuwa anaenda kila asubuhi akitoka kukama ng'ombe, sasa anaenda Jumatatu na Ijumaa, huyo amebadilika.

Usimuulize "umeenda choo?" kwa sababu atakwambia ndio ili umwachie. Muulize iko aje, ngumu ama laini, na alikaa huko kwa muda gani.

Kwa nini mamangu alikuwa sawa shags na akifika tu Nairobi tumbo likafunga?

Hili swali nalipenda kwa sababu jibu liko kwa maisha yake, halipo kwa tumbo. Shags alikuwa anaamka, anaenda shambani, anachota maji, anainama, anapanda kilima kwenda kanisa, bila kujua alikuwa anatembea masaa. Umemleta Umoja ama Pipeline, ghorofa ya tatu, lift hakuna, magoti yanauma, kwa hivyo anakaa kwa kochi kuanzia saa moja asubuhi hadi usiku, TV ikiongea peke yake. Utumbo unasaidiwa na mwili kusonga, mwili ukikaa choo nayo inakaa, na vile inakaa ndani utumbo mkubwa unaendelea kunyonya maji yake mpaka inakauka.

Chakula pia kimebadilika. Kule alikuwa anakula githeri, nduma, ngwaci, managu, kwa unga wa posho ambao haujatolewa maganda. Hapa ni chai na mkate mweupe asubuhi, mchele saa sita, ugali ya unga mweupe jioni, na kama meno yameisha ile sukuma kwa sahani anaiweka kando.

Alafu kuna choo yenyewe, na hii watu husahau. Maji ya mfereji yanakuja siku mbili kwa wiki, choo ni ya kumwagia na ndoo, yeye hawezi inua ndoo na hataki kusumbua dada wa kazi, ama mkwe yuko nyumbani na mlango wa choo haufungi vizuri. Anajizuia. Leo anajizuia, kesho anajizuia, na baada ya muda ile hamu ya kwenda inapotea kabisa, haja iko pale lakini mwili hausemi tena.

Lakini anakunywa maji, mimi humwona na kikombe.

Pima. Kwa siku moja tu andika kila kinachoingia mdomoni. Kuna shosho mmoja wa miaka 78 huko Umoja, nitamrudia sana hapa chini, bintiye aliniapia kuwa mama hunywa "maji mingi". Tukapima: kikombe cha chai asubuhi akaacha robo, nusu kikombe saa sita na chakula, maji ya kumezea dawa jioni ambayo ni funda mbili tatu, na chai nusu kikombe. Hiyo yote haikufika mililita 700. Kile kikombe kilikuwa kinakaa mbele yake siku nzima kikiwa kimejaa.

Kiu hupungua mtu akizeeka, kwa hivyo kumngoja aseme ana kiu ni kungoja bure. Na wengi hawanywi kwa kusudi: wanaogopa kukojoa usiku, kuamka gizani na kuanguka, ama wanaona aibu kwa sababu mkojo huponyoka. Kama hujaongelea hiyo hofu, chupa ya maji utaiweka hapo na utaipata hapo.

Anafaa kunywa kiasi gani?

Kwa wazee wengi lita moja na nusu hivi kwa siku ni lengo zuri, yaani vikombe sita vya mililita 250. Chai inahesabika, uji unahesabika, supu na maziwa lala pia, msiwe mnamlazimisha maji baridi ambayo hata wewe asubuhi ya Julai huwezi kunywa. Njia iliyofanya kazi kwa yule shosho ilikuwa rahisi: flaski ya lita moja yenye maji ya uvuguvugu inajazwa asubuhi, na sharti ni iwe tupu kufikia saa kumi na moja jioni, hiyo lita pamoja na chai zake mbili inatosha. Baada ya hapo anakunywa kidogo tu, ya dawa, ndio asiamke amke usiku.

Ila hapa nisikilize vizuri. Kama mzee ana moyo uliochoka, figo zilizoharibika ama ini lililoharibika mpaka tumbo limejaa maji, na daktari alimwekea kiwango cha maji, usiongeze kwa sababu umesoma mahali. Huyo uliza kwanza kliniki anayoenda. Maji mengi kwa moyo dhaifu yanaishia kwa miguu na mapafu.

Dawa gani hufunga choo?

Hii ndio sehemu ambayo watu wanaruka wanakimbilia kununua dawa ya kufungua tumbo, na mimi nadhani ndio ingekuja kwanza. Kabla hujaongeza dawa moja mwaga zote kwa meza. Zote, pamoja na zile za kwa droo, zile jirani alimpea, na zile za nyuma ya kitanda.

Za maumivu zenye kodeini, tramadoli ama mofini zinaongoza, hizi zinalaza utumbo kabisa, na tofauti na usingizi na kichefuchefu ambavyo mwili huzoea, kufunga choo haizoeleki, itaendelea siku zote anazomeza. Kodeini mara nyingi imefichwa ndani ya tembe iliyochanganywa na panadoli kwa hivyo soma pakiti. Dawa za presha za kundi la amlodipini na nifedipini zinaweza kufunga, verapamili ndio mbaya zaidi katika hilo kundi. Vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu. Amitriptilini inayopewa wenye sukari wanaochomwa na miguu usiku. Piritoni, ambayo kila nyumba iko nayo na watu hufikiri ni kama peremende. Dawa za kuzuia mkojo wa haraka haraka. Vidonge vya kalisiamu. Baadhi ya dawa za asidi ya tumbo, zile zenye alumini. Na za kutoa maji mwilini kama furosemaidi, hizi hazilazi utumbo moja kwa moja lakini zinamkausha mtu, na choo inakauka naye.

Kila moja peke yake inaweza kuwa haina neno. Shida ni vile zinakutana nne tano kwa mtu mmoja ambaye hatembei.

Unaweza kutupa mfano?

Turudi kwa shosho wa Umoja. Alikuwa amekaa siku sita bila choo, tumbo limejaa, chakula hataki, na bintiye alikuwa ashanunua aina mbili za dawa za kufungua. Nikamwambia alete mfuko wa dawa. Ndani kulikuwa na amlodipini miligramu 10, furosemaidi miligramu 40, tembe za maumivu zenye kodeini anazomeza mara tatu kwa siku sababu ya magoti, kapsuli za kuongeza damu, na piritoni kila usiku "ya kujikuna".

Sasa angalia vile zinashikana. Amlodipini kwa dozi kubwa hufanya miguu ivimbe kwa watu wengi, na ndivyo ilimfanyia. Alipoenda mahali kulalamika miguu imevimba, akaandikiwa furosemaidi kutoa maji. Furosemaidi ikaanza kumkimbiza choo cha mkojo, na kwa sababu ilikuwa inamezwa jioni pamoja na zingine, alikuwa anaamka usiku mara nne. Akaamua mwenyewe dawa ya hiyo shida ni kuacha kunywa maji. Kwa hivyo dawa moja ilizaa ya pili, ya pili ikazaa kiu, na juu ya hiyo kuna kodeini inalaza utumbo. Zile kapsuli za damu alipewa baada ya operesheni miaka miwili nyuma, hakuna mtu aliwahi kumwambia aache. Na kujikuna kulikuwa ni ngozi kavu tu, ya mzee, inayotaka mafuta.

Hakuna hata mtu mmoja hapo alifanya ujinga mkubwa, kila dawa ilikuwa na sababu yake siku ilipoandikwa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeziangalia zote pamoja.

Kwa hivyo nimwachishe hizo dawa?

Hapana! Usiwahi kusimamisha dawa ya presha, ya moyo ama ya sukari peke yako. Beba mfuko mzima, si majina kwa karatasi, upeleke kwa daktari ama mfamasia na uulize hivi: kati ya hizi ni gani haina kazi tena, na ni gani inaweza kubadilishwa na isiyofunga choo? Hilo swali moja limesaidia wagonjwa wangu kuliko matunda yote ya Gikomba.

Kwa shosho daktari alipima figo na potasiamu kwanza, akashusha amlodipini hadi miligramu 5 na kuongeza losatani ndio presha isipande. Baada ya wiki tatu hivi miguu ikawa imeshuka, furosemaidi ikaondolewa, na usiku akaanza kulala. Dawa ya kodeini ikabadilishwa na panadoli ya kawaida, gramu moja mara tatu kwa siku na isizidi hapo, na mzee mwepesi wa chini ya kilo 50 anafaa kupewa chini ya hiyo, pamoja na jeli ya kupaka magoti. Damu ikapimwa ikapatikana iko sawa, kapsuli zikaenda. Piritoni ikaacha nafasi kwa mafuta ya kupaka akishatoka kuoga.

Kama kwenu furosemaidi ni ya moyo kweli na haiwezi kutoka, basi angalau uliza kama inaweza kumezwa asubuhi. Hiyo tu inaweza kurudisha maji kwa kikombe.

Siku ya kwanza kabisa nafanya nini, amefunga na ana uchungu?

Watu wanaanza juu kabla ya kuangalia chini. Kama kuna donge gumu limekwama kwa njia ya nyuma, na wewe unampea dawa kali ya kusukuma kwa mdomo, utumbo unasukuma kwa mlango uliofungwa na mzee anapiga nduru za maumivu usiku mzima. Chini kwanza.

Nesi ama daktari ataingiza kidole chenye glavu na mafuta, ni dakika moja, atajua kama kuna donge. Kama liko na si kubwa sana, tembe ya glisirini ya kuingiza nyuma inalainisha na kuteleza. Kuna pia tembe ya bisakodili miligramu 10 ya kuingiza nyuma, hiyo huamsha utumbo usukume na kawaida hufanya kazi ndani ya dakika 15 hadi saa moja. Inapaswa igusane na ukuta wa utumbo, ukiichomeka katikati ya choo hakuna kitu itafanya. Wakati mzuri ni baada ya kifungua kinywa, na choo iwe karibu. Donge likiwa kubwa inahitaji enema kliniki na saa zingine kutolewa kwa kidole na mtu anayejua, usijaribu hiyo nyumbani.

Kuhusu enema za fosfeti, zile za chupa ndogo zinazouzwa, kwa mzee mwenye figo mbaya ama moyo dhaifu ni hatari, zinaweza kuvuruga madini ya damu vibaya sana. Usinunue tu.

Ikishafunguka, dawa gani ya kuendelea nayo?

Kwa wazee wengi mimi naona laktulosi inaanza, mililita 15 mara mbili kwa siku. Inavuta maji kwa utumbo na kufanya choo iwe laini. Usitarajie maajabu kesho, inachukua siku mbili hadi tatu, na hapa ndio watu hukosea, wanameza leo, kesho wanasema haifanyi kazi, wanaongeza mara mbili, siku ya tatu mzee anaendesha mpaka kwa nguo. Ngoja. Wiki ya kwanza inaleta gesi, shosho alilalamika tumbo linanguruma kanisani, tukashusha hadi mililita 10 ikatulia. Makrogoli, ile poda ya pakiti ya kukoroga na maji, inafanya kazi kwa njia kama hiyo na gesi ni kidogo, ukiipata na mfuko ukikubali ni nzuri.

Kama bado anatumia dawa ya jamii ya kodeini ama mofini, kwa mfano mgonjwa wa kansa, ya kulainisha peke yake mara nyingi haitoshi kwa sababu utumbo wenyewe umelala. Huyo anahitaji na ya kuamsha, sena ama bisakodili ya kumeza usiku, nayo hufanya kazi asubuhi. Na inaanzishwa siku ile ile dawa ya maumivu inaanza, usingoje afunge. Bisakodili ya kumeza isimezwe na maziwa ama chai ya maziwa, wala pamoja na dawa ya asidi, ganda lake linayeyuka mapema na tumbo linamkata.

Ati akizoea hizo dawa utumbo utakufa?

Hii inarudiwa sana. Zikitumika kwa dozi ya kawaida hazijulikani kuua utumbo. Kinachotokea ni kwamba sababu ya kwanza, kukaa, kutokunywa, dawa zingine, bado iko, kwa hivyo ukiacha choo inafunga tena na watu wanasema amezoea. Ondoa sababu kwanza alafu upunguze polepole, choo ikiwa laini kwa wiki kadhaa. Kuna wazee watahitaji kidogo kila siku mpaka mwisho na hiyo si dhambi.

Je, fiba? Nimeambiwa nimpe pumba za ngano na hiyo unga ya maganda.

Pole pole hapo. Fiba bila maji ni simiti. Mzee ambaye amelala kitandani na hanywi, ukimjaza pumba za ngano ama zile poda za isabgoli, unaweza kumletea donge kubwa zaidi ya lile alikuwa nalo. Maji yakishakaa sawa na ameanza kusonga, ndio unaongeza chakula, na kidogo kidogo ndani ya wiki mbili hivi.

Mambo ya kawaida ya soko yanatosha: kipande cha paipai asubuhi, nusu avokado, ngwaci badala ya mkate, ndengu ama maharagwe yaliyoiva mpaka yanapondeka, uji wa wimbi. Mwenye hana meno, katakata mboga ndogo kabisa kabla ya kupika na uiache iive. Wanaume wazee wengi hawataki kuambiwa wale matunda "kama mtoto", weka tu kwa sahani unyamaze.

Kuhusu kutembea, na magoti yake ni mabovu.

Simuulizi mtu yeyote apande ngazi. Shosho alianza kwa kutoka kochi hadi dirisha la jikoni na kurudi kila matangazo yakianza kwa TV. Alafu korido ya plot mara mbili asubuhi na jioni, akishika ukuta. Asiyeweza kusimama anaweza kukaa wima kwa kiti badala ya kulala, kuinua magoti kama anayetembea, na kugeuzwa. Kwa haki, mazoezi peke yake hayatafungua tumbo la mtu anayemeza kodeini mara tatu, lakini bila hayo mengine yanafanya kazi nusu.

Anakaa chooni nusu saa na hakuna kitu. Kuna namna ya kukaa?

Iko, na ni ya bure. Utumbo mkubwa huamka mtu akishakula, sanasana asubuhi, kwa hivyo baada ya uji na chai ngoja dakika 20 hadi 30 ndio umpeleke, hata kama hajasikia hamu. Kila siku wakati huo huo. Miguu iwe juu ya kibao ama kile kistuli cha kuogea, urefu wa sentimita 20 hivi, magoti yapite juu ya nyonga, ainame mbele viwiko vikae kwa mapaja, tumbo aliachilie. Hiyo inanyoosha njia kama ile ya kuchuchumaa, bila kuumiza magoti. Asibane pumzi kusukuma, kwa mwenye moyo mbaya anaweza kuzimia hapo hapo. Dakika 10 zikipita bila kitu, ainuke, atajaribu kesho.

Choo ya plot ikiwa ya shimo la kuchuchumaa, tafuta kiti cha plastiki fundi akitoboe katikati na kukiimarisha miguu. Weka kitu cha kushikilia ukutani. Ndoo ya maji iwe imejaa kabla aingie na mwambie kumwagia ni kazi ya mwingine. Na mlango ufungwe, mpe heshima yake.

Anaendesha maji maji, kwa hivyo hajafunga, si ndio?

Hapa ndio pabaya. Mzee alikaa siku nyingi bila choo alafu ghafla anatoa maji maji kidogo kidogo, anachafua nguo bila kujua. Familia inanunua dawa ya kuzuia kuhara. Kumbe kuna donge kubwa limekwama na yale maji yanapita kando yake. Ukimzuia, umefunga hata ile njia ndogo iliyobaki. Ukiona hivyo kwa mzee aliyekuwa amefunga, aangaliwe kwa kidole kwanza. Dalili zingine za donge ni mkojo kukataa kutoka, kukosa hamu ya chakula, na kuchanganyikiwa ghafla, mtu ambaye jana alikuwa anajua majina ya wajukuu leo anaongea na ukuta. Si kila kuchanganyikiwa ni choo, lakini uangalie.

Na kipande cha sabuni, ama mafuta ya mbarika?

Sabuni inachoma ule utando laini wa ndani, nimeona vidonda. Tumbaku usithubutu. Mafuta ya mbarika yanafungua kweli lakini kwa kukata tumbo na kumkausha mzee ambaye tayari amekauka. Ile dawa ya kunywa ya parafini ya maji nayo, kwa mzee anayepaliwa ama kumeza akiwa amelala, ikiteremka kwa mapafu inaleta nimonia mbaya. Chumvi na dawa nyeupe za magnesiamu kwa mwenye figo mbaya, hapana.

Lini niache mambo ya nyumbani nikimbie hospitali?

Leo leo, hata kama ni usiku: tumbo limevimba gumu kama ngoma, hata hewa haitoki, anatapika, ana maumivu makali. Huku kwetu Afrika Mashariki utumbo kujisokota si kitu cha ajabu, sanasana kwa wanaume wazima na wazee, na hiyo haingoji asubuhi. Ukiwa Eastlands, Mama Lucy ama Kenyatta, kokote pako karibu na kuna daktari wa upasuaji. Usimpe dawa yoyote ya kufungua njiani.

Ndani ya siku chache, si miezi: damu kwa choo, kukonda bila sababu, damu kuwa chini, ama choo iliyobadilika kwa mtu aliyepita miaka 50 na huoni sababu. Kansa ya utumbo mkubwa inaweza kuanza hivyo, inafaa kupimwa na si kuendelea kununua laktulosi. Choo nyeusi ni ngumu kidogo kusoma kwa sababu vidonge vya chuma huifanya nyeusi pia, lakini ikiwa ya kunata kama lami na inanuka vibaya sana chukulia ni damu.

Tutajuaje mpango unafanya kazi?

Kalenda ya ukutani na kalamu. Siku aliyoenda unaweka alama, na herufi moja, L kwa laini ama N kwa ngumu. Siku mbili bila choo, hakuna wasiwasi, endeleeni na maji na dawa ya kulainisha. Siku ya tatu asubuhi baada ya chai, tembe ya kuingiza nyuma. Ikifika ya nne na tembe haijafanya kitu, piga simu kwa nesi ama uende kliniki. Choo ikiwa maji maji, na mmehakikisha hakuna donge, punguza laktulosi, usiache kabisa.

Shosho wiki ya tatu alifunga choo tena. Maji ya mfereji yalikatika, dada wa kazi alikuwa ameenda kwao, akajizuia. Kalenda ilionyesha siku tatu nyeupe, bintiye akatumia tembe, ikafunguka saa hiyo hiyo, haikufika siku sita tena. Sasa anaenda kila siku ama siku moja akiruka moja na laktulosi ni mililita 10 asubuhi tu.

Tunasafiri shags Desemba, tufanye nini?

Wazee huanza kukataa maji siku moja kabla ya safari sababu ya kuogopa kukojoa kwa matatu. Chagueni gari linalosimama, ama mtoke asubuhi mapema na mkubaliane na dereva mtasimama wapi, alafu anywe kama kawaida. Kama bado yuko kwa furosemaidi, muulize daktari kabla kama siku hiyo inaweza kumezwa mkishafika. Bebeni tembe mbili za kuingiza nyuma kwa begi la mkononi, za glisirini zisiachwe kwa jua dirishani zitayeyuka, na muulize mapema huko nyumbani kama kile kiti cha choo bado kiko na miguu yote minne.